Mapendo, Mapenzi, Huba: Neno Moja Lisivunje Nyumba

Wapenzi wasikilizaji, Bwana asifiwe!

Mmesikia nilivyowaita: wapenzi. Hakuna mume aliyekasirika kwamba pasta amemwita mke wake mpenzi kwenye redio. Lakini nikimwandikia mama mmoja tu, usiku, "mpenzi wangu," kesho yake wazee wa kanisa wataniita. Neno ni lile lile. Leo tuseme juu ya jambo hilo, kwa maana hapa Buluo limetaka kuvunja nyumba. Wahusika wameniruhusu niwaeleze, bila majina.

Mzee mmoja wa kanisa alikuwa na mke mgonjwa hospitalini. Mama mmoja wa kwaya alimpelekea bukari na mboga kila siku, karibu wiki nzima. Mgonjwa alipopona, mzee akamwandikia yule mama kwenye simu: "Dada, asante kwa mapenzi yako. Sitayasahau." Bwana wa yule mama akarudi kutoka kazi ya usiku, akaona simu, akasoma. Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni kwangu: "Baba Pasta, muangalie! Hii ni mapenzi gani?"

Nikawaita wote wanne. Nikamwuliza mzee: kwa nini umeandika mapenzi? Akajibu: "Katika Sala ya Bwana tunaomba mapenzi ya Mungu. Nilifikiri ni neno takatifu kupita mengine."

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Katika Mathayo 6:10 na Luka 22:42, kwenye Biblia ya 1952 ambayo wengi wetu tunaisoma, mapenzi ni matakwa: jambo ambalo Mungu anapenda litendeke. Yesu katika Gethsemane alikuwa anazungumza juu ya matakwa ya Baba yake. Lakini barabarani, na katika nyimbo za Tanzania zinazopigwa sokoni, mapenzi ni mambo ya mwanaume na mwanamke. Na "kufanya mapenzi" kila mtu anajua ni nini. Mzee aliandika kwa lugha ya sala, mume akasoma kwa lugha ya barabara.

Kumbe neno alilolitafuta lilikuwa karibu sana: mapendo. Yote mawili yametoka katika kupenda, yametengana mwishoni tu. Kwetu Katanga mapendo ni neno pana. Padri Placide Tempels alipoanzisha Jamaa kule Kolwezi mwaka 1953, kati ya wafanyakazi wa Union Minière na wake zao, mafundisho yao yalisimama juu ya mambo matatu: uzima, uzazi, mapendo. Mapendo hayo yalikuwa ya Mungu, ya mume na mke, na ya ndugu pia. Watu wa pwani wangesema upendo, na ndilo neno la 1 Wakorintho 13. Ukisema mapendo au upendo kwa mama yako, kwa rafiki, kwa mke wako, hakuna atakayeshtuka.

Huba ni jambo lingine. Limetoka katika Kiarabu, na katika nyimbo za taarabu ni upendo wenye moto, wa mtu aliyetekwa moyo. Mume akimwambia mke wake juu ya huba yake, ni vizuri, amwambie. Usimwandikie dada wa kwaya huba, hata kama nia yako ni safi. Kwa rafiki tuna neno urafiki, nalo linatosha.

Lakini msitoke hapa mkisema pasta amekataza neno mapenzi. Hapana. "Mapenzi ya mama kwa mtoto wake" ni Kiswahili kizuri, kwa sababu mama na mtoto wametajwa, na maana imefungwa. Hatari iko pale mwanaume anapomwandikia mwanamke asiye wake, na neno limebaki peke yake. Hata "ninakupenda" haina ulinzi: tunaisema kwa Mungu, kwa mke, na kwa mtoto. Anayesikia ndiye anayeamua maana. Kwa hiyo kabla ya kutuma, jiulize: bwana wake akisoma, ataelewa nini?

Mke wa mzee ndiye aliyemaliza shauri. Alisema: "Ile bukari nilikula mimi." Kisha yeye na bwana wake wakaandika upya, mbele yetu sote, wakatuma kwenye simu ya mume: "Ndugu, tunawashukuru wewe na mama kwa mapendo yenu wakati wa ugonjwa." Mume akasoma, akanyamaza kidogo, akampa mzee mkono.

Mungu awabariki. Amina.