Maneno ya Usiku wa Zawadi



Kabla ya kuita mtu nitasema zawadi ya genge bora imepimwaje. Tulihesabu siku ambazo treni zililazimika kwenda polepole katika kipande cha kila genge. Genge la vilimani halikuwa na siku hata moja. Walizibua mifereji kabla ya mvua, wakashindilia kokoto chini ya mataruma. Zawadi ni yao kwa haki.

Lakini hesabu hiyo haioni udongo. Wenzetu wa uwanda wa Athi wana udongo mweusi, huvimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, reli ikazama upande mmoja. Waliinyanyua, ikazama, wakainyanyua tena. Siku zao ni 11, na kila mara ni wao wenyewe walioweka bendera ili treni isianguke.

Sitawapa zawadi ya kuwafariji. Mtu mzima huitambua. Naomba wasimame tuwaone, na mwaka ujao kamati ipime kila genge kwa mwaka wake uliopita.

Sasa, nyapara wa vilimani, njoo mbele na watu wako wote.