Soma Kibao Kabla ya Kupita Njia Panda

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wasafiri na madereva pale Feri.

Nitazungumza kwa ufupi, maana feri haimngoji mtu.

Nianze na kosa langu. Usiku mmoja nilikuwa nikimpeleka shangazi yangu Shimoni msibani. Kibao kilisema Shimoni kilomita 30. Nikajiambia nina kilomita 30 za kwenda moja kwa moja kabla ya kufikiria kukata kona. Nilipozinduka nilikuwa nimeshaipita njia panda, naelekea Lunga Lunga. Tulifika watu wametoka makaburini.

Kosa lilikuwa nini? Shimoni haiko kwenye barabara kuu. Kutoka njia panda hadi Shimoni kwenyewe ni takribani kilomita 15. Namba ya kwenye kibao inahesabu safari nzima hadi mjini, pamoja na kipande cha barabara ya pembeni. Kwa hiyo 30 ukitoa 15, nilipaswa kukata kushoto baada ya kilomita kama 15. Ukienda kilomita 60 kwa saa, kila kilomita ni dakika moja: yaani robo saa tu.

Basi ukivuka Likoni kwenda kusini, jiulize kwanza: mji ninaoutaka uko kwenye barabara kuu au pembeni? Ukunda, Msambweni na Lunga Lunga utazikuta njiani. Kwale iko bara, nawe utaiacha barabara kuu pale Kombani, ukate kulia. Diani iko pwani, unakata kushoto pale Ukunda. Abiria anayekwenda Diani asikae akingoja kibao cha Diani. Amwambie kondakta amshushe Ukunda.

Pili, vibao ni vya namna tatu. Cha kwanza huja kabla ya njia panda, kukutayarisha. Hapo ndipo pa kupunguza mwendo, kutazama kioo na kuwasha taa ya kukatia kona. Cha pili kiko penye njia panda yenyewe, na mshale wake unaonyesha pa kuingilia. Cha tatu huja baada ya njia panda, kina majina ya miji na kilomita. Mji wenye namba ndogo ndio unaofuata. Jina lako likikosekana hapo, au namba yake imepanda kuliko ya kibao kilichotangulia, jua huenda umepitiliza.

Vibao vingine hufichwa na majani au hung'olewa. Kwa hiyo, ukiona kibao cha kilomita, tazama pia namba ya mwendo kwenye dashibodi na uanze kuhesabu toka hapo.

Na ukipitiliza, usirudi kinyumenyume wala usigeuze ghafla katikati ya barabara. Endelea hadi pahali pana, panapoonekana mbele na nyuma, ndipo ugeuze. Kuchelewa nilichelewa, lakini shangazi nilimfikisha.