Stashahada ya uuguzi au shahada ya afya ya jamii? Uliza kwanza utasajiliwa wapi

(Haya ni mazungumzo niliyotoa Ndanda mbele ya vijana waliomaliza kidato cha sita na wazazi wao. Wengi mliomba yaandikwe, nami nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema.)

 

Najua wapo wanaojiuliza mwanafunzi wa sheria anatafuta nini kwenye mambo ya uuguzi. Swali zuri. Nimeitwa kwa sababu kuna ubishi unaorudi kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka. Binti ana ufaulu wa kuingia chuo kikuu. Nyumbani wanasema aende shahada, shahada ni shahada. Shangazi anasema hapana, aingie uuguzi hapa hapa Ndanda, miaka mitatu tu anavaa gauni jeupe. Watu wanabishana ukubwa wa karatasi. Mimi leo naomba tuiache karatasi kidogo, tuangalie mlango. Karatasi hii inafungua mlango gani, na ufunguo wa mlango huo ameushika nani? Hilo ni swali la sheria, na hapo ndipo ninapoingia mimi.

Tuanze na uuguzi.

Stashahada ya uuguzi na ukunga ni miaka mitatu, ngazi ya 4, ya 5 na ya 6 kwa hesabu za NACTVET. Kuingia kunategemea cheti chako cha kidato cha nne: ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Sikilizeni hapo kwenye Fizikia. Kuna mtu amesoma CBG vizuri kabisa, lakini kidato cha nne Fizikia alipata F. Huyo mlango wa uuguzi unamkatalia hata kama kidato cha sita amepasua. Kwa hiyo kabla ya ubishi wowote, toeni cheti cha kidato cha nne kabatini mkisome.

Ukimaliza chuo bado hujawa muuguzi. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imeweka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na baraza hilo ndilo lenye daftari. Unafanya mtihani wa leseni, unasajiliwa, unapewa leseni, ndipo unagusa mgonjwa kwa jina lako mwenyewe. Asiye kwenye daftari haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Inaonekana kama usumbufu, lakini ni ukuta unaokulinda pia. Tangazo la ajira likitoka linaitaja kada yako kwa jina, Afisa Muuguzi Msaidizi, na mtu wa shahada nyingine hawezi kuiomba nafasi hiyo hata awe na alama gani.

Kazi yenyewe mnaijua, hospitali ya Mtakatifu Benedikto ipo hapo jirani. Ni zamu za usiku, damu na kuzalisha. Ukipangiwa zahanati huko juu Newala, saa nane ya usiku mama analetwa kwa bodaboda, tabibu hayupo, uko wewe na taa. Kama moyo wako unakataa kabisa hayo, usilazimishwe na mtu. Muuguzi asiyependa wodi anaumiza watu.

Sasa afya ya jamii.

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa sababu jina ni moja na ndani yake kuna mambo mawili. La kwanza ni afya ya mazingira. Huyu ndiye bwana afya tunayemjua: anakagua vyoo, visima, machinjio na mama lishe. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maofisa wa aina hiyo mamlaka ya kuingia na kukagua, na ya kumwamuru mtu aondoe uchafu unaohatarisha wengine. Nao wana daftari lao, kwa sheria ya mwaka 2007 ya usajili wa wataalamu wa afya ya mazingira. Wana kada yao kwenye matangazo pia, Afisa Afya Mazingira.

La pili ni shahada pana ya afya ya jamii: takwimu za magonjwa, mipango, elimu ya afya, kusimamia miradi. Ni elimu nzuri, na sisi wa uwanda huu tunaihitaji. Sehemu ambayo maji ni ya kuhesabu kwa ndoo, na matende na kichocho watu wanavijua kwa macho, haiwezi kujitibu kwa sindano peke yake. Lakini siyo kila shahada yenye maneno "afya ya jamii" inakuingiza kwenye daftari la mtu yeyote. Wahitimu wake wengi wanategemea miradi, na miradi ina mwenyewe. Tarehe 20 Januari 2025 rais wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Miradi ya UKIMWI na kifua kikuu iliyokuwa ikilipwa na USAID ikatikisika, na watu waliokuwa na mikataba mizuri wakarudi nyumbani. Hawakuwa wameharibu kazi. Mlango wao ulikuwa umeshikwa na mtu aliye mbali, basi.

Kwa hiyo ukiitwa na chuo kwa shahada ya afya ya jamii, piga simu ofisi ya udahili, uliza maswali mawili tu. Mhitimu wenu anasajiliwa na baraza gani? Na serikalini anaomba ajira kwa jina la kada gani? Wakikujibu kwa jina la baraza na jina la kada, endelea kuwasikiliza. Wakikujibu kwamba soko ni pana sana duniani, wewe sema asante, ukate simu ukafikiri upya.

Tuchukue mfano. Binti wa Chikundi, kidato cha sita CBG, principal pass mbili zenye jumla ya pointi 5. Kidato cha nne Fizikia ana D. Wazazi ni wakulima wa korosho.

Kwa TCU, kiwango cha chini cha jumla ni principal pass mbili zenye pointi 4, kwa hiyo chuo kikuu kinamwezekania, ingawa kila kozi ina masharti yake kwenye mwongozo na lazima ayasome. Akienda shahada pana ya afya ya jamii, baada ya masomo ana shahada mkononi, na anaingia kwenye foleni ya miradi. Akienda stashahada ya uuguzi, baada ya miaka mitatu anafanya mtihani wa leseni na ana namba ya usajili. Anaweza kuomba serikalini, hospitali za misheni, au binafsi.

Je, amejifungia shahada? Hapana. Akimaliza na GPA ya 3.0 au zaidi, anaweza kuomba shahada ya uuguzi kwa sifa ya stashahada. Na akiwa na shahada ya uuguzi, shahada ya uzamili ya afya ya jamii inamngoja. Yaani afya ya jamii anaweza kuifikia akitokea uuguzi. Kutoka shahada ya afya ya jamii kuja uuguzi, anaanza mwanzo. Safari ya kwanza ni ndefu, sikatai, lakini kila kituo kina mlango wa kutokea ukiwa na kitu mkononi.

Kwa binti huyu, kama anaweza wodi, mimi ningemwambia uuguzi. Kama hawezi wodi, ningemwambia afya ya mazingira, ile yenye daftari. Shahada pana ningeiweka ya tatu, tena kwa mwenye sababu anayoweza kuieleza.

Tuje kwenye hela. Zamani hoja ya shahada ilikuwa kwamba mkopo upo kwa chuo kikuu tu. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo imeanza kukopesha stashahada za vipaumbele, na afya imo. Siyo kila anayeomba anapata, lakini usiache kuomba. Cheti cha kuzaliwa kinatakiwa kihakikiwe na RITA, na kama mzazi amefariki, cheti cha kifo vilevile. Hayo yaanzeni kabla dirisha la maombi halijafunguliwa, maana wengi wanakwama hapo, siyo kwenye ufaulu.

Halafu kuna kalenda yetu. Vyuo vinaita Septemba na Oktoba. Minada ya korosho inaanza Oktoba, na malipo yanakuja baadaye. Chuo kinataka ada wakati nyumbani mfuko ni mtupu. Mzazi, usiende kwa mkopeshaji anayenunua korosho zikiwa bado mtini. Nenda chuoni kabla ya kuripoti, omba ada kwa awamu, upewe kwa maandishi.

Mwisho, makamanda, nisiwadanganye. Hata aliyechagua vizuri anaweza kukaa nyumbani na leseni yake. Tunao wauguzi waliosajiliwa wanaojitolea wodini kwa nauli ya kuokoteza, na papo hapo tuna zahanati zenye muuguzi mmoja. Mpango wa MMAM wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Kuta zimejengwa sehemu nyingi. Watu wa kuzijaza ni suala la bajeti ya ajira, na bajeti ni siasa. Hapo hakuna kozi itakayokuokoa peke yako.

Kuna neno moja mlibebe: ikama. Ni idadi ya watumishi ambayo kituo kinatakiwa kuwa nayo. Kila zahanati inayo. Kikao cha Baraza la Madiwani ni cha wazi, mwananchi anaruhusiwa kukaa akasikiliza, na diwani wako anaweza kuulizia humo. Kila tawi lichague zahanati moja, limpe diwani swali kwa maandishi: ikama ya hapa inasema wauguzi wangapi, waliopo ni wangapi, na pengo limeombewa kibali cha ajira lini? Jibu likija, lileteni tulichapishe hapa, zahanati kwa zahanati, kuanzia Mwena mpaka Newala.

Sasa tuchukue maswali, na wenye vyeti vya kidato cha nne mkononi waanze.