Nilipasuliwa Mara ya Kwanza, Sasa Nitazaaje?

(Mada iliyotolewa katika semina ya wahudumu wa afya wa vijiji na viongozi wa vikundi vya akina mama)

Tumeombwa tuzungumze juu ya kujifungua kwa upasuaji. Mambo ni mengi, kwa hiyo tumechagua kusimama kwenye swali ambalo akina mama hutuuliza mara kwa mara: "Uzazi uliopita nilipasuliwa. Safari hii nitazaaje?"

Tuanze na tukio lililotugusa. Miaka michache iliyopita tulimpokea alfajiri mama aliyeletwa kwa pikipiki kutoka kijiji cha mbali. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, naye aliogopa kisu kisimrudie. Uchungu ulipoanza jioni alibaki nyumbani, akapewa dawa ya kienyeji ya kuongeza uchungu. Usiku wa manane alipata maumivu makali ya ghafla, kisha uchungu ukakoma kabisa. Waliokuwa naye walidhani amepata nafuu. Kumbe kovu la kizazi lilikuwa limepasuka. Alipofika kwetu mapigo ya moyo wa mtoto hayakusikika tena. Mama alipona kwa kuongezewa damu, lakini ilibidi kizazi kitolewe.

Tulipomuuliza baadaye, alisema hakuna aliyewahi kumweleza lolote kuhusu kovu lake. Aliruhusiwa kurudi nyumbani, akaambiwa arudi siku ya kutoa nyuzi, basi. Hilo ndilo linalotufanya tuzungumze leo.

Kwa nini mama hupasuliwa

Sababu za upasuaji tunaweza kuziweka katika mafungu mawili, na tofauti yake ni muhimu kwa uzazi unaofuata.

Fungu la kwanza ni sababu za mimba ile tu. Mtoto ametanguliza matako au amelala kukingama. Kondo la nyuma limeziba njia. Kitovu kimetangulia. Mama amepata kifafa cha mimba, au mapigo ya moyo wa mtoto yameharibika wakati wa uchungu. Mara nyingi mambo hayo hayajirudii, na mama wa fungu hili ana matumaini mazuri ya kuzaa kwa njia ya kawaida safari inayofuata.

Fungu la pili ni sababu ambayo mama huenda akawa nayo tena, kwa mfano nyonga nyembamba. Mama aliyekaa na uchungu mzito siku nzima, njia ikafunguka yote, na bado mtoto wa uzito wa kawaida akashindwa kushuka, anahitaji kupimwa na kushauriwa kwa uangalifu zaidi kabla ya kujaribu tena.

Kovu la ngozi si kovu la kizazi

Watu wengi hutazama mshono wa tumboni na kudhani wanajua habari yote. Sivyo. Mshono wa ngozi unaweza kuwa wa mlalo, na ule wa kizazi ukawa wa wima. Kinachohesabika ni ule wa ndani.

Kwa kawaida daktari hukata kizazi kwa mlalo, sehemu ya chini, ambako nyama ni nyembamba na haivutwi sana na uchungu. Kovu hilo ni imara. Lakini wakati mwingine, hasa mtoto akiwa mchanga sana au amelala vibaya, hulazimika kukata kwa wima sehemu ya juu. Hapo ndipo kizazi kinapokaza kwa nguvu wakati wa uchungu. Kovu la wima hupasuka kwa urahisi zaidi, hata kabla uchungu haujaanza. Mama wa namna hiyo hapaswi kujaribu uchungu. Hupangiwa upasuaji mapema.

Mama atajuaje? Hawezi kujua kwa kujitazama. Ni lazima aandikiwe. Kwa hiyo tunawaomba: mama yeyote anayetoka hospitali baada ya upasuaji aulize mambo matatu, nayo yaandikwe kwenye karatasi yake ya kuruhusiwa. Kwa nini nimepasuliwa? Kizazi kimekatwa kwa mlalo au kwa wima? Je, naweza kujaribu kuzaa kawaida mara nyingine? Karatasi hiyo aitunze pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto.

Mama aliyekuja na maswali

Sasa tuwaeleze jinsi ushauri unavyofanyika. Mama mmoja alikuja kliniki akiwa na mimba ya wiki 28. Mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa na zaidi ya miaka mitatu, alizaliwa kwa upasuaji kwa kuwa alitanguliza matako. Shangazi wa mumewe alimwambia kwamba aliyepasuliwa mara moja hupasuliwa daima. Jirani akamwambia akitaka kuzaa kawaida akae mbali na hospitali, maana huko watamkimbiza chumba cha upasuaji. Alikuja amechanganyikiwa.

Tulisoma karatasi yake. Sababu ilikuwa ya mimba ile tu. Kizazi kilikatwa kwa mlalo, sehemu ya chini, tena mara moja. Alipumzika zaidi ya miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, na hilo lilimsaidia, kwa sababu kovu linalobebeshwa mimba mapema huwa na hatari zaidi. Kipimo cha picha kilionyesha kwamba kondo halikukaa juu ya kovu, na baadaye tulihakikisha kwamba mtoto ametanguliza kichwa. Tungekuta kovu la wima, au kondo limeziba njia, au mtoto amekingama, mazungumzo ya kuzaa kawaida yangeishia hapo.

Tukamweleza njia zote mbili, mumewe akiwepo. Kati ya akina mama 100 wenye kovu moja la mlalo wanaojaribu kuzaa kawaida hospitalini, wapatao 70 hadi 75 hufanikiwa. Waliobaki hupasuliwa wakiwa tayari kwenye uchungu, na upasuaji wa namna hiyo una hatari kuliko uliopangwa. Kovu hupasuka kwa mama mmoja hivi kati ya 200. Ni wachache, lakini kwa huyo mmoja muda wa kuokoa mtoto ni mfupi sana, dakika tu. Ndiyo maana jaribio hili hufanyika mahali penye chumba cha upasuaji na si penginepo.

Njia ya pili ni upasuaji wa kupangwa, kwa kawaida mimba ikiwa ya wiki 39. Huo huepusha sehemu kubwa ya hatari ya kupasuka, lakini nao una gharama zake: kupoteza damu, maambukizi, kuumizwa kwa kibofu, na kupona polepole. Tena kila upasuaji huongeza hatari kwa mimba zinazofuata. Kondo linaweza kujishikiza kwenye kovu na kuota ndani ya nyama ya kizazi, lisitoke baada ya mtoto kuzaliwa, na damu ikamwagika nyingi. Mama anayetaka watoto wanne au watano lazima aliwaze hilo.

Mama alifikiri, akarudi baada ya wiki mbili. Akasema atajaribu kuzaa kawaida. Tukapanga naye. Zahanati ya kijijini kwake haina upasuaji, na barabara hukatika wakati wa mvua. Kwa hiyo katika wiki ya 38 alihamia kwa ndugu yake karibu na hospitali. Mumewe aliandaa nauli na watu wawili wa kuchangia damu. Tulimwonya pia asitumie dawa yoyote ya kuongeza uchungu, ya mitishamba au ya dukani, wala vidonge vya misoprostoli, kwa sababu hivyo hukaza kizazi kwa nguvu isiyoweza kudhibitiwa.

Siku ya uchungu

Uchungu ulipoanza alikuja mara moja, hakusubiri ukolee. Aliwekewa sindano ya mshipa, damu ikapimwa na kuandaliwa. Mkunga alisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kila baada ya dakika 15 hadi 30, na kila dakika 5 wakati wa kusukuma. Mapigo hayo ndiyo mlinzi wetu mkuu, kwa sababu mara nyingi yanaharibika kabla ya dalili nyingine.

Dalili nyingine tunazoziangalia ni hizi: maumivu yasiyokoma katikati ya uchungu mmoja na mwingine, damu kutoka ukeni, mapigo ya moyo ya mama kwenda mbio, kichwa cha mtoto kilichokuwa kimeshuka kupanda tena, au uchungu kukoma ghafla. Hili la mwisho tunalirudia: uchungu ukikatika ghafla kwa mama mwenye kovu, hiyo si nafuu.

Mama huyu aliendelea vizuri na kujifungua mtoto wa kike jioni. Lakini kama njia ingeacha kufunguka, tungempasua bila kungoja zaidi, na hilo lisingekuwa kushindwa. Mpango ulikuwa mama na mtoto watoke salama.

Baada ya upasuaji

Tumalizie na mama anayerudi nyumbani na mshono. Akiwa bado hospitali asaidiwe kuamka na kutembea kidogo ndani ya siku ya kwanza, ili damu isigande miguuni. Anaweza kunywa na kula mapema, na kunyonyesha tangu saa ya kwanza, akilala kwa ubavu au kumweka mtoto pembeni chini ya kwapa asiguse mshono.

Nyumbani, kidonda kiwe kisafi na kikavu. Kisipakwe majivu, dawa ya meno wala majani. Bibi zetu wana desturi njema ya kumtunza mzazi, lakini kumkanda tumbo kwa maji ya moto hakumfai aliyepasuliwa. Huunguza na huweza kufungua mshono. Kwa wiki sita asibebe kitu kizito kuliko mtoto wake. Ndoo ya maji na kuni viwe kazi ya baba na jamaa.

Arudishwe hospitali upesi akiwa na homa, usaha au mshono kuachia, uchafu wenye harufu mbaya, damu inayolowanisha pedi ndani ya saa moja, mguu mmoja kuvimba na kuuma, au kushindwa kupumua. Tena apumzike angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine. Kitanzi na kipandikizi vyote vinafaa kwa anayenyonyesha.

Ndugu wahudumu, mkirudi vijijini, mtafuteni kila mjamzito aliyewahi kupasuliwa. Muulizeni karatasi yake iko wapi, na uchungu ukianza usiku wa mvua atafikaje hospitali. Asipokuwa na jibu, mleteni kliniki wiki hiyo hiyo. Sasa tunakaribisha maswali.