TIN ya Duka Jingine

Msikilizaji, muuza vitenge mmoja wa Kariakoo alikuwa akipanga karatasi zake alipoona kuwa TIN kwenye ankara ya muuzaji wake wa jumla, tarakimu zote 9, ni ileile ya duka la saruji alikowahi kununua. Hakugombana. Alidai risiti ya EFD, kisha akaingiza namba yake ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz. Mfumo haukuitambua.

Risiti kama hiyo haithibitishi gharama zake mbele ya TRA. Akasitisha malipo yaliyobaki, akatunza ankara halisi pamoja na ujumbe wa simu wenye jina la aliyepokea fedha, akavipeleka ofisi ya TRA. Duka la saruji nalo akalijulisha, kwani huenda likadaiwa kodi ya mauzo lisiyoyafanya.