Kitanda Kiwe cha Usingizi Tu

Anayekosa usingizi angalau siku 3 kwa wiki, kwa miezi 3, ana ugonjwa unaotibika bila vidonge.

Tuseme mama hupanda kitandani saa 3 usiku, huamka saa 12 asubuhi, lakini usingizi wake ni saa 5 na nusu tu. Sasa atapanda saa 6.30 usiku na kuamka saa 12 ile ile, bila kulala mchana. Usingizi wa deni utamshika upesi. Usipomshika kwa dakika 20 hivi, aondoke, aketi kitini mpaka macho yawe mazito. Kitanda kisizoee mawazo. Akilala asilimia 85 ya muda huo kwa wiki, aongeze dakika 15.

Wiki za kwanza atasinzia mchana. Dereva au mwenye kifafa amwone daktari kwanza.