Mteja Aliyeondoka Akarudi



Kampuni inayouza programu kwa malipo ya kila mwezi huonyesha mwendo wa mapato yake kwa chati ya maporomoko. Huanza na mapato ya mwezi uliopita, ikaongeza wateja wapya, nyongeza za wateja wa zamani na wateja waliorejea. Kisha hutoa mapunguzo ya wanaoendelea kulipa na mapato ya walioondoka. Yanayobaki ndiyo mapato ya mwezi huu.

Leo nitakaa na mteja mmoja tu wa kampuni ya mfano. Ni shule iliyokuwa ikilipa shilingi 400,000 kwa mwezi. Mwezi wa Juni ikasitisha, na Agosti ikarudi kwa kifurushi kidogo cha shilingi 250,000. Je, pengo la shilingi 150,000 tuliite punguzo?

Katika chati ya Agosti, hapana. Julai shule hii ililipa sifuri, na sifuri haipunguziki. Shilingi 250,000 zote ni marejeo. Ukiandika marejeo ya 400,000 na punguzo la 150,000, hesabu itafunga, lakini utakuwa umebuni punguzo ambalo hakuna ankara iliyowahi kulionyesha.

Sasa tupime kipindi kizima, mwisho wa Mei hadi mwisho wa Agosti. Mei ilifunga na shilingi 10,000,000. Juni waliingia wapya wa 600,000, nyongeza zikawa 300,000, mapunguzo 100,000, na shule yetu ikaondoka na 400,000. Julai hapakuwa na badiliko, na Agosti yakaja yale marejeo. Tumefunga na 10,650,000.

Chati ya kipindi hulinganisha ncha mbili tu. Shule ilikuwepo Mei, ipo Agosti, inalipa pungufu. Hapa, basi, lile pengo ni punguzo halali: mapunguzo yanakuwa 250,000, walioondoka sifuri, waliorejea sifuri, na jumla inabaki ileile 10,650,000. Ndiyo maana chati za miezi hazijumlishwi safu kwa safu kupata chati ya robo au ya mwaka. Ni ncha pekee zinazokubaliana.

Athari yake si ndogo. Ukijumlisha miezi na kuyaacha marejeo nje, wateja wa Mei wamebakiza asilimia 98 ya mapato yao. Ukipima ncha kwa ncha, wamebakiza asilimia 100.5. Namwomba kila anayesoma ripoti ya namna hii aulize kwanza ni kipimo kipi kilichotumika.

Kuna kosa jingine linalojificha zaidi. Shule ikirudi, ofisa mauzo huifungulia akaunti mpya, nayo ikahesabiwa mteja mpya. Nililigundua hili katika daftari nililokabidhiwa kulikagua, nilipopanga wateja kwa namba ya mlipakodi badala ya namba ya akaunti: majina yaliyodaiwa kuwa mapya yakaanza kujirudia.